Mashine ya miaka mitatu na mashine ya miaka mitano: zishushe kwanza kwenye mwaka mmoja

Ukianza kazi kwenye idara ya fedha ya kiwanda kidogo hapa Dar es Salaam, au kwenye ofisi inayoshauri wenye viwanda, haitachukua muda utawekewa mezani profoma mbili. Moja ya mashine ya bei nafuu inayodumu miaka michache, nyingine ya mashine ghali inayodumu zaidi. Bosi atakuuliza swali fupi: tuchukue ipi? Wengi wenu mmetoka IFM au CBE mkiwa mnajua kukokotoa thamani halisi ya sasa, na mtaikimbilia hiyo moja kwa moja. Kwa mashine zenye umri tofauti, hesabu hiyo ikiachwa peke yake inaweza kukupeleka pabaya huku kila tarakimu ikiwa sahihi.

Tuchukue mfano wa mwenye kinu cha sembe Manzese. Namba ni za mfano, nimezirahisisha ili uweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu. Anataka kubadilisha seti yake ya kukoboa na kusaga. Mashine ya kwanza, tuiite Nyepesi, inauzwa shilingi milioni 24 na itadumu miaka 3. Ya pili, tuiite Nzito, inauzwa milioni 42 na itadumu miaka 5. Zote mbili zinasaga magunia yale yale kwa siku, kwa sababu kinachoamua kiasi cha kusaga pale ni wateja na mahindi yanayopatikana, siyo uwezo wa mashine. Tofauti ni kwamba Nzito inakula umeme kidogo zaidi kwa gunia na haisimami mara kwa mara kusubiri beringi au mkanda. Kwa hiyo Nyepesi inamwachia milioni 15 kwa mwaka na Nzito milioni 16.5. Mwisho wa umri wake kila moja inauzwa kama chuma chakavu kwa pesa ndogo, ambayo nimeiacha nje.

Hapo kwenye "inamwachia" simama kidogo. Hiyo ni fedha taslimu inayobaki baada ya kulipa mahindi, LUKU, vibarua, pango na matengenezo. Haitolewi uchakavu, kwa sababu uchakavu si fedha inayotoka; bei ya mashine tumeshaihesabu yote siku ya kununua. Wala haitolewi riba ya mkopo, kwa sababu gharama ya fedha imo tayari ndani ya kiwango cha punguzo. Kijana akichukua faida halisi kutoka kwenye taarifa ya mapato na matumizi na kuipeleka kwenye hesabu hii, anakuwa amemtoza mwenye kinu mashine mara mbili na riba mara mbili. Utaligundua kosa hilo kwa urahisi: kila mashine inaonekana ni ya hasara, hata zile ambazo jirani anazitumia na anajenga nyumba.

Kiwango cha punguzo tukiweke asilimia 16, kwa sababu tuseme ndicho ambacho fedha za kinu hiki zinagharimu, za benki na za kwake mwenyewe zikichanganywa.

Sasa hesabu ya kwanza. Milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 3, zikirudishwa hadi leo kwa asilimia 16, unazizidisha kwa 2.2459. Namba hiyo, tuiite kizidishi cha malipo sawa, inapatikana hivi: gawanya 1 kwa 1.16 iliyojizidisha mara tatu, jibu litoe kwenye 1, kisha kinachobaki kigawanye kwa 0.16. Ipo kwenye majedwali ya nyuma ya vitabu pia. Unapata milioni 33.69. Toa bei ya milioni 24, thamani halisi ya sasa ya Nyepesi ni milioni 9.69. Kwa Nzito, kizidishi cha miaka 5 ni 3.2743. Zidisha kwa 16.5 upate 54.03, toa 42, inabaki milioni 12.03.

Nzito imeshinda kwa zaidi ya milioni 2, na hapa ndipo wengi hufunga faili.

Lakini tazama kinacholinganishwa. Milioni 12.03 ya Nzito imekusanywa kwa miaka 5. Milioni 9.69 ya Nyepesi imekusanywa kwa miaka 3, na baada ya hapo mwenye kinu hafungi biashara akaenda kulala kwao. Ananunua nyingine na kuendelea kusaga. Hesabu yetu imempa Nzito miaka miwili ya ziada ya kuchuma huku ikimchukulia mwenye Nyepesi kama mtu aliyekaa tu. Ni kama kulinganisha vyumba viwili vya kupanga, mmoja mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na mwingine anataka ya mwaka mzima, halafu useme wa miezi sita ni nafuu kwa sababu pesa anayotaka mkononi ni kidogo. Hakuna mpangaji wa Dar anayefanya hivyo. Kila mtu anauliza kwanza, ni shilingi ngapi kwa mwezi?

Njia ya thamani sawa ya mwaka ndiyo swali hilo hilo, isipokuwa inaheshimu ukweli kwamba shilingi ya mwaka wa tatu si sawa na ya leo. Unachukua thamani halisi ya sasa uliyoipata na kuigawa, siyo kwa idadi ya miaka, bali kwa kizidishi kile kile ulichotumia kwa umri wa mashine hiyo. Nyepesi: 9.69 gawanya kwa 2.2459, unapata milioni 4.31 kwa mwaka. Nzito: 12.03 gawanya kwa 3.2743, unapata milioni 3.67 kwa mwaka. Jibu limegeuka. Nyepesi inaongoza kwa takribani shilingi 640,000 kila mwaka.

Kuna anayegawa kwa 3 na kwa 5 kwa sababu ni rahisi. Usifanye hivyo. Ukigawa kwa miaka mitupu umefuta kazi yote ya punguzo uliyoifanya mwanzoni, na kadiri mashine inavyodumu zaidi ndivyo kosa linavyokua.

Kwenye Eksel mambo ni mafupi. Bei ikiwa kwenye B2 kama namba hasi, na fedha za mwaka wa 1 hadi wa 3 kwenye B3 hadi B5, andika:

```
B7: =NPV(16%,B3:B5)+B2
B8: =PMT(16%,3,-B7)
```

Angalia kwamba B2 iko nje ya mabano ya `NPV`. Fomula hiyo huichukulia namba ya kwanza unayoipa kuwa ni ya mwisho wa mwaka wa 1, siyo ya leo. Ukiiingiza bei ndani, majibu yote yanapungua kwa kugawanywa na 1.16, na Nyepesi inasoma 8.35 badala ya 9.69. Ubaya ni kwamba mashine zote mbili zinapungua kwa uwiano ule ule, mshindi anabaki yule yule, kwa hiyo hakuna kinachokushtua. Kosa linakuja kuumbuka siku hesabu inapopelekwa benki na mtu mwingine akaikokotoa upya.

Kama huiamini njia hii, na mtu wa hesabu ana haki ya kutoiamini njia kabla ya kuijaribu, fanya uhakiki mrefu. Tafuta idadi ya miaka inayogawanyika kwa 3 na kwa 5. Ni 15. Ndani ya miaka 15 mwenye kinu atanunua Nyepesi mara tano au Nzito mara tatu, na hapo zote zimefanya kazi muda sawa. Ukirudisha manunuzi yote na mapato yote hadi leo, mlolongo wa Nyepesi unafikia milioni 24.05 na wa Nzito milioni 20.48. Mshindi ni yule yule, na uwiano kati yao ni ule ule wa 4.31 kwa 3.67. Thamani sawa ya mwaka si kingine ila njia ya mkato ya jedwali hilo la miaka 15. Ukikutana na mashine ya miaka 7 na ya miaka 11 utaushukuru huo mkato, maana jedwali lingekuwa la miaka 77.

Jiandae pia kwa swali la mwenye mali, kwa sababu litakuja. Nimewahi kumweleza mama mmoja jibu la namna hii akanitazama, akasema, "Sasa mwanangu, hiyo nne na kitu ndiyo nitakayoiona kwenye droo mwisho wa mwaka?" Nikamwambia, "Hapana mama. Kwenye droo utaona kumi na tano. Hiyo nne ni kile kinachobaki ukishaitengea mashine yenyewe fungu lake la kila mwaka, pamoja na gharama ya pesa uliyoiweka." Fungu hilo unaweza kumwonyesha waziwazi: milioni 24 gawanya kwa 2.2459 ni milioni 10.69. Toa kwenye 15, inabaki 4.31, jibu lile lile kwa mlango mwingine. Nzito inadai fungu la milioni 12.83 kwa mwaka. Imeongeza mapato kwa milioni 1.5 lakini imeongeza fungu kwa zaidi ya milioni 2.1. Kwa watu wasio wahasibu maelezo haya huingia haraka kuliko kusema thamani halisi ya sasa, na ndiyo ninayoyatumia kwanza. Tena yanakusaidia pale mapato yanapofanana kabisa na tofauti iko kwenye gharama tu: linganisha mafungu ukiongeza gharama za mwaka, chagua dogo.

Mpaka hapa nimerudia mliyofundishwa darasani. Kazini hesabu yenyewe ni ya dakika kumi. Muda unaobaki utumie kwenye namba moja ambayo mtihani hukupa bure na duniani hakuna anayekupa: umri wa mashine.

Rudi kwenye mfano. Nyepesi ikidumu miaka 3 inatoa milioni 4.31 kwa mwaka. Ikifa baada ya miaka 2, thamani yake ya mwaka ni shilingi kama 49,000. Ndiyo, elfu arobaini na tisa. Karibu na bure. Na Nzito, ikidumu miaka 6 badala ya 5, inapanda kutoka 3.67 hadi 5.10 na kuiacha Nyepesi nyuma. Mwaka mmoja tu huku au kule unamgeuza mshindi. Ni namba chache kwenye jedwali zenye nguvu hiyo. Kukosea bei ya LUKU kwa asilimia chache hakutakutikisa namna hii.

Halafu angalia tunavyoipata namba hiyo. Mara nyingi inatoka kwa muuzaji, ambaye anataja umri wa mashine inayosaga mahindi makavu, safi, kwenye umeme usioyumba. Au inatoka kwenye jedwali la uchakavu la kihasibu, ambalo ni makubaliano ya kutayarisha vitabu na halijui kama kinu kiko Manzese au Mbezi. Mimi nawaambia vijana waende kwa fundi. Mafundi wa mashine wa Gerezani wanaona maiti za mashine kila siku, na wanajua kitu gani huua kipi. Ila usimuulize fundi "itadumu miaka mingapi", kwa sababu atakujibu, "Inategemea, bosi," na atakuwa amesema kweli. Muulize vitu vya kuhesabika. Nyundo za kinu hubadilishwa baada ya muda gani? Chekeche je? Shafti ikipinda inanyooshwa au inatupwa? Mota ikiungua kwa umeme wa fezi tatu kupoteza fezi moja, kuisuka upya ni shilingi ngapi, na inasukwa mara ngapi kabla haijachoka kabisa? Mahindi yenye mchanga yanapunguza nini? Ukitoka hapo una picha ya gharama za mwaka wa 3, wa 4 na wa 5, na hizo ndizo zinazokuambia umri.

Kwa maana umri tunaoutafuta siyo siku mashine inapogoma kabisa. Kuna vinu vinavyosaga hadi leo ambavyo kiuchumi vilipaswa kuuzwa chakavu zamani. Umri wa kuingiza kwenye hesabu ni ule unaoipa mashine thamani ya mwaka iliyo kubwa kuliko umri mwingine wowote, na unaweza kuutafuta kwa njia hii hii.

Tuseme fundi anasema Nyepesi inaweza kusogezwa mwaka wa 4 ikifanyiwa ukarabati mkubwa, na baada ya kuulipia ukarabati huo pamoja na siku za kusimama, mwaka wa 4 utaacha milioni 9 badala ya 15. Je, tuisogeze? Linganisha milioni 9 hiyo na milioni 4.31, ambayo ndiyo mashine mpya ingempa kwa mwaka baada ya kulipia kila kitu. Tisa ni kubwa, kwa hiyo sogeza. Thamani ya mwaka ya Nyepesi kwa umri wa miaka 4 inakuwa milioni 5.24. Lakini kama ukarabati ungeacha milioni 3 tu mwaka wa 4, basi hata kama mashine inazunguka na unga unatoka, iuzwe. Mpya inampa zaidi. Kama mashine kuukuu bado ina bei sokoni leo, iongeze kwenye hesabu: kuendelea nayo maana yake umekataa fedha hiyo pamoja na asilimia 16 yake ya mwaka mzima, na unarudishiwa tu bei yake ya mwaka ujao, ambayo itakuwa imeshuka.

Tahadhari moja. Ukishaisogeza Nyepesi, mpe Nzito haki hiyo hiyo. Nimeona ripoti ambazo mashine anayoipenda meneja imetafutiwa umri mzuri kuliko wote, na mpinzani wake ameachiwa umri wa kwenye profoma. Hesabu ni safi, uchaguzi ulikwisha kufanyika.

Jambo la pili linalohitaji jicho ni dhana iliyojificha chini ya njia yenyewe. Tulisema mwenye kinu atanunua Nyepesi nyingine, na nyingine, kwa bei ile ile na kwa mapato yale yale. Kama dhana hiyo si kweli kwa mteja wako, usitumie thamani sawa ya mwaka, hata kama umri umetofautiana.

Mfano rahisi ni kazi yenye mwisho. Tuseme kinu kimewekwa kwa ajili ya mkataba wa kulisha unga shule kadhaa kwa miaka 5, na baada ya hapo mwenye eneo analichukua eneo lake. Hakuna milolongo ya miaka 15 hapa. Nzito inafaa kabisa: miaka 5, milioni 12.03. Nyepesi itanunuliwa leo, itanunuliwa tena mwisho wa mwaka wa 3, na ya pili itauzwa mwisho wa mwaka wa 5 ikiwa imebakiza mwaka mmoja wa uhai. Mapato ya miaka 5 yakirudishwa leo ni milioni 49.11. Toa 24 ya leo, toa 15.38 ambayo ni milioni 24 ya mwaka wa 3 kwa thamani ya leo. Inabaki milioni 9.74 kabla ya kuhesabu mauzo ya mashine ya pili. Ili Nyepesi iifikie Nzito, mashine hiyo iliyotumika miaka 2 lazima iuzwe kwa karibu milioni 4.8 mwisho wa mwaka wa 5. Sasa swali limekuwa jepesi na la mtaani kabisa: kuna mtu atatoa milioni 4.8 kwa kinu kilichobakiza mwaka? Hilo unaweza kulipatia jibu kwa kuzunguka kwa wauzaji wa mashine zilizotumika, wala huhitaji jedwali. Akipatikana, chukua Nyepesi. Akikosekana, chukua Nzito, ingawa thamani sawa ya mwaka ilisema kinyume.

La tatu ni mfumuko wa bei, na hapa hata wenye uzoefu huteleza. Tumeweka milioni 15 kila mwaka bila kupanda, na milioni 24 kwa kila mashine ya baadaye bila kupanda. Hizo ni bei za leo. Lakini asilimia 16 tumeitoa kwenye soko la fedha, na benki inapopanga riba inakuwa imeshajihesabia kwamba shilingi itapungua nguvu. Tumechanganya fedha za bei ya leo na kiwango chenye mfumuko ndani yake. Ama upandishe mapato na bei zote mwaka hadi mwaka, ama uutoe mfumuko kwenye kiwango. Njia ya pili ni fupi. Mfumuko wa Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa jirani na asilimia 3, kwa hiyo gawanya 1.16 kwa 1.03, toa 1, unapata asilimia 12.6. Usitoe tu 3 kwenye 16. Inakaribia, lakini si yenyewe.

Kwa asilimia 12.6, Nyepesi inatoa milioni 4.90 kwa mwaka na Nzito milioni 4.67. Ile tofauti ya shilingi 640,000 imebaki kama 230,000. Na kiwango kikishuka hadi karibu asilimia 10.6, mashine mbili zinalingana. Chini ya hapo Nzito inashinda. Sababu yake si ngumu. Nzito inadai fedha nyingi leo ili ilipe polepole baadaye, kwa hiyo fedha zikiwa ghali inaumia zaidi, zikiwa nafuu inapumua. Ndiyo maana mashine ile ile inaweza kuwa uamuzi sahihi kwa kampuni yenye mkopo nafuu wa muda mrefu na uamuzi mbaya kwa mwenye kinu anayekopa kwa riba ya juu, wakiwa mtaa mmoja.

Kama mashine inatoka nje na inauzwa kwa dola, bei yake inaweza isifuate mfumuko wa hapa. Hapo rudi kwenye jedwali refu na uweke bei ya kila ununuzi peke yake. Anayenunua mara tano ndani ya miaka 15 anakutana na dola mara tano. Anayenunua mara tatu anakutana nayo mara tatu. Katika mfano wetu wa mwanzo wa asilimia 16, kama bei zote za baadaye zingepanda kwa kiwango kimoja huku mapato yakibaki palepale, ingebidi zipande kwa karibu asilimia 59 ndipo Nzito iipite Nyepesi. Lakini kama ni Nyepesi peke yake inayopanda, tuseme kwa sababu Nzito inaungwa hapa nchini kwa shilingi, asilimia 10 tu zinatosha kuvifanya vinu hivi viwili vilingane.

Kodi nimeiacha ili mfano usilemee, ila kwenye ripoti ya kampuni usiiache. Kodi ya mapato ya makampuni ni asilimia 30, na uchakavu unaokubalika kisheria unapunguza kodi hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi kwa mashine ya bei kubwa, jambo linaloweza kuisogeza Nzito juu. Kodi ikiingia kwenye fedha za kila mwaka, kiwango cha punguzo nacho kiwe cha baada ya kodi.

Unapoandika ripoti, usimpe bosi namba mbili na mshindi. Mpe jedwali dogo lenye thamani ya mwaka ya Nyepesi kwa umri wa miaka 2, 3 na 4, na ya Nzito kwa miaka 4, 5 na 6, kwa kiwango cha juu na cha chini. Chini yake andika umri uliouchagua ni upi na nani kakuambia: muuzaji, kitabu cha uchakavu, au fundi aliyeifungua mashine kama hiyo kwa mikono yake. Bosi mzuri atasoma mstari huo kabla ya namba zako.